Mwalimu Mstaafu Kama Mpelelezi: Nani Asimulie Hadithi?

Wengi wanaotaka kuandika riwaya ya upelelezi ya mji mdogo huanza kwa kumtafuta muuaji, kisha sababu, kisha silaha. Mimi naona kuna uamuzi mmoja unaopaswa kutangulia yote hayo, nao ni wa nani atasimulia. Hasa pale mpelelezi wako anapokuwa mwalimu mstaafu, maana mtu huyo ana tatizo ambalo polisi wa riwayani hana: anajua mno. Nusu ya mji amewafundisha, nusu nyingine amewafundishia watoto. Ukimweka msimulizi mahali pasipofaa, ama fumbo litakufia sura ya tatu, ama utalazimika kumficha msomaji mambo kwa namna atakayoiona kuwa ni ulaghai.

Aina hii ya riwaya inajulikana kwa tabia zake. Kifo hutokea pembeni na damu haionekani. Polisi wapo, lakini wameshaandika sababu ya kifo na kufunga jalada. Watu wote wanajuana, wanadaiana, wameoana. Anayefumbua fumbo ni raia tu mwenye muda na udadisi. Mwalimu anaingia humo bila kulazimishwa. Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60, na kwa hiari akifika 55, kwa hiyo tunamzungumzia mtu ambaye bado ana nguvu za kutembea, masikio yake yanasikia, na hana tena kengele ya saa moja na nusu inayomsubiri. Mlango wowote akibisha ataambiwa "Karibu Mwalimu". Hakuna askari anayefunguliwa milango hivyo.

Kuna njia tatu za kusimulia zinazofaa kushindanishwa. Ya kwanza, mwalimu asimulie mwenyewe kwa "mimi". Ya pili, nafsi ya tatu inayomfuata mwalimu begani. Ya tatu, mwanafunzi wake wa zamani ndiye awe "mimi", amtazame mwalimu akifanya kazi. Kuzilinganisha hewani hakusaidii, basi tuzipitishe zote katika hadithi moja.

Hadithi yenyewe

Mji ni Pangani, pale mto unapoingia baharini, wenye kivuko cha kwenda Bweni ng'ambo ya pili. Mto na kivuko ni vya kweli, ila watu, mtaa na kikundi nimevibuni, na nakushauri nawe ufanye hivyo hivyo: chukua jiografia ya kweli, lakini usichukue duka la mtu wala cheo ambacho mjini kinashikwa na mtu mmoja anayejulikana.

Bi Mwanaidi alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka alipostaafu. Mzee Kombo, mzaliwa wa Pemba, alikuja Pangani akiwa kijana kwa dago la uvuvi, akaoa, akabaki. Ndiye aliyekuwa akilala na sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake wanazo watu watatu tofauti. Anayetunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Ndivyo vikundi hivi vinavyojilinda. Alfajiri ya siku ya kugawana, Mzee Kombo anakutwa amefariki kitandani. Watu wanasema presha. Anazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Baada ya mazishi sanduku linafunguliwa mbele ya wanachama, makufuli yote mazima, ndani hamna kitu.

Siku mbili baadaye Idi, katibu wa kikundi, anakuja na barua anayosema ameiokota katikati ya daftari la marehemu. Ni barua ya kuungama: hela nimezitumia, nisameheni. Mji unapumua. Mwizi ni marehemu, na marehemu hashtakiwi.

Barua hiyo ndiyo moyo wa fumbo. Tarehe yake imepigiwa mistari miwili kwa rula. Bi Mwanaidi kwa miaka yote alimkata alama mtoto yeyote asiyepigia tarehe mistari miwili kwa rula. Mzee Kombo alisoma Pemba, hakuwahi kukaa darasani kwake. Kwa hiyo aliyeandika barua ni mmoja wa wanafunzi wake. Halafu ndani yake kuna neno "hasubuhi", lile h linalojipachika mahali lisipotakiwa.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Usitegemee kosa la "hasubuhi" peke yake kumkamata mtu. Waandishi wengi wanaotumia mwalimu hukimbilia makosa ya tahajia, na msomaji wetu hawezi kukubali, kwa sababu kila siku anaona "hasubuhi", "hasante" na "ela" kwenye simu yake kutoka kwa watu kumi tofauti. Kosa la kawaida hupunguza tu idadi ya washukiwa. Kinachomtaja mtu ni mazoea ambayo hayana sababu ya kuwepo pale yalipo. Nani anayekaribia kufa atatafuta rula?

Ili mchezo uwe wa haki, msomaji apewe vitu vitatu kabla Mwalimu hajavifunga pamoja: mistari miwili kwenye barua, ile tabia ya Mwalimu ya kukata alama, na kwamba Mzee Kombo alikuja mjini akiwa mtu mzima. Padri na mwandishi Mwingereza Ronald Knox, aliyeandika masharti yake kumi ya hadithi za upelelezi mwaka 1929, alisema wazi kwamba mpelelezi akiona dalili, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Hakusema msomaji aelezwe maana yake. Kazi yote ya msimulizi iko kati ya kuonyesha na kueleza.

Tukio moja, sauti tatu

Chukua pale Idi anapompa Mwalimu barua, kwenye gati la kivuko. Mwalimu akisimulia mwenyewe, inakuwa hivi:

> Barua ilikunjwa mara nne. Nikaifungulia juu ya kanga yangu, nikavaa miwani. Sikufika hata kwenye salamu. Tarehe ilipigiwa mistari miwili, ya rula, na mwili ukaniisha nguvu. Mzee Kombo sikumfundisha mimi. Aliyeandika hii nilimfundisha.

Nafsi ya tatu:

> Bi Mwanaidi akavaa miwani, akaisoma barua kuanzia tarehe mpaka jina. Kivuko kikapiga honi. Akaikunja kama ilivyokuwa, akamrudishia Idi. "Mungu amrehemu," akasema, akageuka kutazama maji.

Na mwanafunzi, ambaye tumwite Shabani, dereva wa bodaboda anayempeleka Mwalimu huku na huko:

> Idi akampa Mwalimu barua, nami nikachungulia. Haikuwa barua ya mtu aliyechanganyikiwa. Tarehe juu kulia, mistari miwili chini yake, salamu, ndipo maneno: *Nisameheni ndugu zangu, nimeamka hasubuhi hii sina amani, hela za kikundi nimezitumia.* Nikamhurumia Mzee. Mwalimu alimaliza kusoma, akaniuliza kama nina mafuta ya kutufikisha Mwera.

Zisome tena, utafute mahali dalili ilipo. Katika sauti ya kwanza dalili imeshaelezwa, fumbo limebaki nusu. Katika ya pili dalili haimo kabisa: msomaji ameambiwa kwamba barua ina tarehe, hakuambiwa mistari. Hiyo ni deni, na msomaji atakuja kulidai. Katika ya tatu dalili iko wazi mbele ya macho, na hakuna anayeiona.

Mwalimu akisema "mimi"

Nguvu ya njia hii ni sauti. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu ana namna yake ya kuitazama dunia, anasahihisha vibao vya maduka akipita, anamkumbuka mganga wa zahanati kama mtoto aliyelia siku ya chanjo. Ucheshi huo ukitoka kinywani mwake mwenyewe huwa mtamu kuliko ukisimuliwa na mwingine. Pia unaingia naye mahali ambapo wasimulizi wengine hawaingii. Mjane wa Mzee Kombo yuko edani, miezi 4 na siku 10, na mwanamume asiye maharimu hawezi kwenda kukaa naye na kumhoji. Bi Mwanaidi anaingia, anakaa mkekani na kina mama, na ile sura ya mazungumzo ya chini chini baina ya wanawake wawili waliojuana miaka mingi inaweza kuwa bora kuliko zote kitabuni. Shabani wakati huo yuko nje, anafuta vumbi kwenye pikipiki.

Udhaifu wake umeuona kwenye mfano. Mwalimu akiiona mistari, amejua. Akijua na asituambie, msimulizi wetu ni mwongo, na hakuna kinachomuudhi msomaji wa upelelezi kama sentensi ya "nikagundua jambo ambalo nitalieleza baadaye". Ukijikuta umeiandika mara moja, uifute. Ukijikuta umeiandika mara tatu, badilisha msimulizi.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuchelewesha macho badala ya kuchelewesha maneno. Mwalimu asipewe barua yenyewe sura ya tatu. Aipate kama picha kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, iliyokatwa juu ili maneno ya kuungama yaonekane vizuri, na tarehe ikakatika. Anaisoma, anaona "hasubuhi", anakunja uso na kuendelea. Barua halisi anaiona sura ya kumi na nane tu, na hapo anaanguka pamoja na msomaji. Hii ni njia safi, ila itumie mara moja kwa kitabu kizima. Picha ya pili ikikatika, tena mahali pabaya, msomaji ataanza kukutazama wewe mwandishi badala ya washukiwa.

Njia ya pili ni ya kijasiri zaidi: mwache ajue. Tangu sura ya tatu Mwalimu anajua kwamba muuaji ni mtoto aliyemshika mkono kumfundisha kuandika. Hajui ni yupi. Watunza funguo wawili na katibu wote walipita darasani kwake. Swali la kitabu linageuka kutoka "ni nani?" kuwa "ni yupi kati ya wangu?", na kila anapokaribishwa chai anatazama vidole vya mwenyeji wake. Riwaya hiyo ni nzito kidogo kuliko desturi ya aina hii, lakini kama una sauti ya kuibeba, mimi ningeisoma kwa hamu kuliko zote tatu.

Nafsi ya tatu

Hii ndiyo wengi huichagua bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea, nayo ina faida za kweli. Unaweza kumwacha Mwalimu sura nzima, ukaenda na askari, ukaenda Bweni kumfuata mtunza ufunguo mmoja anayevuka asubuhi na mapema akiwa na begi. Unaweza kumwonyesha Mwalimu kwa nje, mdogo, mkakamavu, mwavuli mkononi, jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifanya bila kuonekana anajisifu. Kama hadithi yako ina matukio mawili yanayokwenda sambamba sehemu mbili za mji, nafsi ya tatu ndiyo pekee itakayokupa pumzi.

Shida yake ni mlango wa kichwa. Ukishamwingiza msomaji ndani ya mawazo ya Mwalimu kwenye mandhari fulani, ukamwambia kwamba magoti yanamuuma na kwamba anamfikiria mjukuu wake, huwezi tena kuufunga mlango huo pale barua inapofunguliwa. Msomaji atauliza: mawazo yake ya magoti nimeyapata, ya barua yako wapi? Dawa ni kuamua umbali mwanzoni mwa sura. Sura ya gati la kivuko isimuliwe yote kwa nje, tangu mstari wa kwanza, tuone matendo na maneno tu. Kisha uitaje ile mistari miwili pamoja na vitu vingine vitatu vinavyoonekana kwenye karatasi, doa la chai, kona iliyochanika, wino wa bluu, isikae mwanzoni wala mwishoni mwa orodha. Hapo deni limelipwa.

Shida ya pili inatokana na Kiswahili chenyewe, nayo haitajwi na waelekezaji wa lugha nyingine. Kiambishi a- hakituambii kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Kwenye ushahidi hiyo ni zawadi: jirani anasema "nilimwona akitoka uani alfajiri, amebeba mkoba", na msomaji mwenyewe anajichorea mtu anayemtaka. Mwandishi wa Kiingereza angehangaika kuficha jambo hilo. Lakini kwenye usimulizi wa nafsi ya tatu zawadi hiyo inageuka mzigo. Weka Mwalimu, mjane na shemeji yake chumba kimoja, kisha andika "alimwambia akae, akamtazama, akajua anamficha". Nani anamficha nani? Utalazimika kurudia majina na vyeo kila mstari, na nathari inakuwa nzito. Kwa "mimi" tatizo linapungua sana, kwa sababu mmoja wa waliomo chumbani tayari anatajwa kwa ni-.

Mwanafunzi wa zamani

Mpelelezi na rafiki yake anayemfuata ni jozi ya zamani, na kwa Kiswahili tunayo yetu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hatembei bila Najum. Knox naye alimpa rafiki huyo sharti lake. Asifiche wazo lolote linalompitia, na akili yake iwe chini ya ya msomaji wa kawaida kidogo, kidogo sana. Watu hukumbuka sehemu ya akili wakasahau ile ya kutoficha, kumbe hiyo ndiyo inayofanya kazi. Shabani anaweza kutueleza kila alichokiona na kila alichokiwaza, bila kubakiza, na bado tusijue. Mwenye siri ni Mwalimu, naye hatujaingizwa kichwani mwake.

Ila rafiki wa kawaida hana faida moja aliyonayo mwanafunzi. Tazama tena mfano wa tatu. Shabani ametaja mistari miwili chini ya tarehe na kuiona kuwa ni unadhifu tu. Kwa nini haikumshtua? Kwa sababu yeye mwenyewe anapigia tarehe mistari miwili! Alifundishwa na mwalimu yule yule. Mazoea yaliyomponza muuaji ndiyo yanayompofusha msimulizi. Hakuna haja ya kukata picha wala kufunga mlango wa kichwa. Dalili imefichwa na malezi, na Mwalimu anapoifichua mwishoni, Shabani anafungua daftari lake la mafuta na mapato ya pikipiki, anaona mistari miwili kila ukurasa, na msomaji naye anarudi nyuma kutafuta.

Na kuna ziada. Kama aliyeandika barua ni mwanafunzi wa Bi Mwanaidi, Shabani naye ni mshukiwa. Mwalimu analijua hilo tangu gatini. Ile safari ya Mwera ambayo hatukuelewa sababu yake ilikuwa ya kwenda kwa mzee mmoja kuhakikisha kwamba usiku wa kifo Shabani alikuwa na abiria huko. Msomaji akilipata hilo sura ya ishirini, anaelewa kwamba kwa siku nzima msimulizi wake alikuwa akichunguzwa bila kujua, tena na mtu anayemwita "mwanangu". Sijui njia nyingine rahisi namna hii ya kulipata jambo hilo.

Bodaboda pia inatatua lile swali la kudumu la "kwa nini huyu yupo hapa?". Yupo kwa kuwa amemleta Mwalimu. Anasubiri, anasikia kupitia dirishani, anapiga soga kijiweni na madereva wenzake ambako Mwalimu hawezi kukaa, anajua nani alivuka kivuko saa ngapi. Adabu ya baina yao nayo inakufanyia kazi: Shabani hawezi kumuuliza Mwalimu swali la moja kwa moja mara mbili. Ataamkia, atauliza kwa mzunguko, akijibiwa kwa fumbo atanyamaza. Kwingineko msaidizi asiyehoji huonekana mjinga. Pwani anaonekana ana malezi.

Gharama zake ni mbili. Kwanza, chumba cha mjane. Shabani haingii. Utakachopata ni Mwalimu akitoka, akipanda pikipiki, na kusema sentensi mbili. Ukiwa mwangalifu unaweza kuitumia, kwa sababu Mwalimu akiripoti anachagua, na msomaji akijua kwamba anachagua, kila sentensi yake inapimwa. Lakini yale mazungumzo yenyewe umeyapoteza. Pili, Shabani ana hatari ya kuwa kipaza sauti tu, mtu wa "kwa nini Mwalimu?" na "hee!". Mpe jambo lake mwenyewe linaloendana na kisa. Mama yake awe mwanachama wa kikundi kile, fedha za mgao ziwe ndizo zilizokusudiwa kumalizia deni la pikipiki. Hapo anapomwendesha Mwalimu anaendesha pia shida yake.

Mpelelezi wako akiwa mwanamume, hesabu inageuka. Mwalimu Hamisi hawezi kuingia edani, na pengine anahitaji msimulizi wa kike, mwanafunzi wa zamani ambaye sasa ni muuguzi au fundi cherehani, anayeingia nyumba zote ambazo yeye anabaki barazani. Mantiki haibadiliki: msimulizi aingie pale mpelelezi asipoingia, au angalau asikie pale mpelelezi asiposikia. Wote wawili wakiwa na milango ile ile, mmoja wao ni wa ziada.

Uchague ipi

Kabla ya kuamua, andika tukio la dalili yako kubwa kwa sauti zote tatu, kama ukurasa mmoja kila moja, kisha utafute sentensi ambayo ulilazimika kukwepa ukweli. Usipime kwa uzuri wa lugha, maana sauti ya kwanza karibu kila mara itaonekana nzuri zaidi kwenye ukurasa mmoja. Pima kwa ukwepaji. Dalili yangu ya mistari miwili inaeleweka mara tu inapoonekana na mtu sahihi, ndiyo maana inamkataa Mwalimu kama msimulizi. Dalili ya aina nyingine ingeweza kumkubali. Kwa mfano, fumbo likitegemea makufuli matatu yaliyonunuliwa duka moja, ya bei rahisi, ambayo ufunguo wa moja unafungua na jingine, hilo si jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili analijua kwa kutazama. Anaweza kutusimulia makufuli sura ya nne kwa uaminifu wote na asielewe mpaka mjukuu wake akosee ufunguo wa banda la kuku sura ya kumi na tano.

Kwa hiyo: dalili inayotegemea ujuzi wa mpelelezi, mpe mwanafunzi asimulie. Dalili ambayo mpelelezi naye anaweza kuikosa, mwalimu aseme "mimi". Nafsi ya tatu ningeiweka akiba kwa hadithi yenye sehemu mbili zinazokwenda kwa pamoja, au kwa mwandishi aliyekwishaandika kitabu kimoja na kuizoea ile kazi ya umbali. Kwa kitabu cha kwanza naiona ndiyo ngumu kuliko zote, japo inaonekana nyepesi.

Kama unatoa hadithi kwa sehemu, kila wiki kipande, kuna jambo moja zaidi la kupima. Msomaji wa vipande hasahau sauti, lakini husahau vitu. Mistari miwili ya sehemu ya tatu haitakumbukwa sehemu ya ishirini. Shabani anaweza kuirudia bila kuzua shaka, mara moja tu katikati, anapojaza daftari lake la mafuta jioni: aandike tarehe, apige mistari, ahesabu lita. Mwalimu hawezi kufanya hivyo kwa "mimi" bila kunyoosha kidole. Iweke sentensi hiyo katikati ya aya, siku ambayo jambo jingine kubwa limetokea, kwa mfano siku polisi wanapokuja kumchukua mtunza ufunguo asiye na hatia, ili macho ya msomaji yawe kwake.

Halafu mpe hadithi mtu mmoja asiyekujua sana, umsimamishe katikati ya kitabu, umuulize anamshuku nani. Akimtaja Idi na kusema ni kwa sababu ndiye aliyeleta barua, huna tatizo, huyo amekisia tu. Akimtaja Idi na kutaja rula, rudisha ile sentensi ya daftari la mafuta mikononi mwako, uipunguze. Akimtaja Shabani, endelea kuandika.